Bei ya kutoka: kuhama kitunza nywila mjini Bukavu

Machi 2021 kampuni ya LastPass iliwawekea watumiaji wake wa bure sharti jipya: kasha lako la nywila litafunguka ama kwenye simu ama kwenye kompyuta, si kote kuwili. Anayetaka kote alipe dola 3 kwa mwezi, yaani 36 kwa mwaka. Kwa mtu wa Bukavu anayeshinda mbele ya kompyuta ya ofisi huko Nguba, kisha jioni anajibu barua pepe kwenye simu, akaunti ya bure ilibaki nusu tangu hapo.

Dola 3 hazimfilisi mwenye mshahara. Ugumu uko kwenye njia ya kuzilipa. Mjini tunalipana kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, lakini ukurasa wa malipo wa kampuni za vitunza nywila kwa kawaida huomba kadi ya benki. Februari 2025, M23 walipoingia mjini na benki zikafunga milango, wengi walijionea jinsi kadi ya benki ya hapa inavyoweza kugeuka kipande cha plastiki. Wapo wanaomwomba ndugu aliye Nairobi au Brussels awalipie. Mwaka wa kwanza mambo huenda vizuri. Mwaka wa pili kadi ya ndugu imeisha muda, malipo yanakataliwa, na wewe unaanza kumsumbua mtu kwa ajili ya kitu asichokiona.

Kwa hiyo mtu wa hapa akilinganisha vitunza nywila, safu ya bei haimsaidii sana. Bitwarden ina akaunti ya bure isiyo na kikomo cha nywila wala cha vifaa. Ile ya kulipia ilikuwa dola 10 kwa mwaka kwa miaka mingi. Proton Pass, iliyozinduliwa 2023, nayo ina ya bure ya namna hiyo. KeePass na nduguze, KeePassXC ya kompyuta na KeePassDX ya Android, ni bure. Kitunza nywila cha Google kimo ndani ya Chrome na simu za Android bila malipo. Kati ya vinavyojulikana sana, 1Password haina akaunti ya bure: unaijaribu siku 14, kisha unalipa. Basi kuingia ni bure karibu kila mahali. Tofauti kubwa zinaonekana siku ya kutoka: je, utatoka na vitu vyako vyote, na je, ulichokiacha nyuma kitafutika kweli? Kwa maoni yangu hayo ndiyo maswali mawili ya kumuuliza mwuzaji yeyote wa kasha.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tuseme mama mhasibu wa ushirika mdogo alifungua akaunti ya LastPass mwaka 2017, na sasa anahamia Bitwarden ya bure. Kashani mwake mna vitu kama 200: barua pepe, mitandao ya kijamii, tovuti ya kodi, akaunti za wafadhili, na maandishi ya siri aliyohifadhia namba za PIN. Kijana anayemtengenezea simu Kadutu amemwambia, “Mama, nimeisha kuondoa ile aplikasio, iko sawa.” Haiko sawa. Kuondoa programu kwenye simu hakugusi kasha lililo kwenye seva ya kampuni. Limebaki lilelile, linamngoja mtu yeyote mwenye neno kuu la siri.

Gharama ya mega isimtishe. Kasha ni maandishi matupu. Mistari 200 yenye herufi 150 kila mmoja ni herufi 30,000, yaani kilobaiti 30 hivi, chini ya picha moja ya WhatsApp. Kinachokula mega ni kupakua programu mpya, na hilo linaweza kufanywa penye waifai.

Bitwarden inaweza kuvuta vitu moja kwa moja kutoka LastPass kupitia programu yake ya kompyuta au kiendelezi cha kivinjari, bila faili kupita katikati. Hiyo ndiyo njia ambayo ningeichagua, kwa sababu faili ya katikati ndiyo hatari kubwa ya uhamaji wote. Lakini njia hiyo ikigoma, anabaki na faili ya CSV, ambayo kwa LastPass huonekana hivi:

```
url,username,password,totp,extra,name,grouping,fav
https://mfano.cd,mhasibu,Kivu&amp;Samaki7,,,Tovuti ya kodi,Kazi,0
```

Tazama mstari wa pili. Nywila yenyewe ilikuwa `Kivu&Samaki7`. Kuna watumiaji ambao LastPass imewatolea faili yenye alama ya `&` iliyogeuzwa `&amp;`, `<` ikawa `&lt;`, na `>` ikawa `&gt;`. Bitwarden hupokea herufi kama zilivyo, hailalamiki, na orodha mpya huonekana nzima. Kosa hujitokeza mwisho wa mwezi, tovuti ya kodi inapokataa nywila, na wakati huo kasha la zamani limekwisha kufutwa. Huwezi kulikamata kosa hili ndani ya Bitwarden kwa kutafuta, maana kisanduku chake cha kutafutia hakisomi nywila. Ni lazima faili ifunguliwe kabla ya kuingizwa, itafutwe `&amp;`, `&lt;` na `&gt;`, na kila moja irudishwe kuwa alama yake.

Afungue kwa Notepad, asifungue kwa Excel. Excel ikiona 0472 huichukulia kuwa namba, na ukihifadhi, sifuri ya mbele inapotea. Nywila au PIN ya tarakimu nne inakuwa ya tarakimu tatu. Kwa mtu mwenye maandishi ya siri yaliyojaa PIN, hilo peke yake linatosha kumharibia uhamaji.

Kuna visivyoingia kwenye CSV hata kidogo. Faili zilizoambatishwa, kama picha ya kadi ya mpiga kura au ya pasipoti, hazimo. Zipakuliwe moja moja. Kwa Bitwarden, kuambatisha faili ni huduma ya kulipia, kwa hiyo mama wetu atazitafutia mahali pengine. Funguo mpya zinazochukua nafasi ya nywila, zinazoitwa `passkey`, nazo hazisafiri kwa CSV: zitaundwa upya kwenye kila tovuti. Nazo namba za kuthibitisha zinazobadilika kila sekunde 30 zikiwa kwenye programu tofauti ya simu, zina uhamaji wake. Mtu akiisahau programu hiyo akaifuta simu, anajifungia nje ya akaunti zote alizokuwa amezilinda vizuri zaidi.

Jambo jingine ni dogo, lakini huwakera watu: Bitwarden haichunguzi marudio. Umeme wa SNEL ukikatika katikati, naye akaingiza faili mara ya pili, vitu 200 vinakuwa 400. Hapo asihangaike kufuta kimoja kimoja. Kwenye tovuti ya Bitwarden, katika mipangilio ya akaunti, chini ya `Danger zone`, kuna `Purge vault`. Inaomba neno kuu la siri, kisha inaondoa kila kitu katika kasha binafsi papo hapo, bila kukipitisha kwenye pipa la taka. Kasha likiwa tupu, anaingiza upya mara moja. Vilivyo chini ya shirika, yaani vile anavyoshiriki na wenzake, havifutwi na kitufe hicho.

Sasa kasha jipya limejaa, na hapa ndipo watu wengi hufuta la zamani kwa haraka. Mimi ningelingoja mzunguko wa mwezi mmoja wa kazi upite. Nywila za kila siku zitajaribiwa ndani ya siku chache, lakini ya tovuti ya kodi hutumika mara moja kwa mwezi, na ya ripoti ya mfadhili pengine mara moja kwa robo mwaka. Hizo afungue kwa makusudi, aingie kwa kutumia kasha jipya tu, aone zinakubali.

Katika mwezi huo kuna kazi ambayo ina uzito kuliko kufuta kwenyewe, nayo ni kubadilisha nywila kubwa. Agosti 2022 wavamizi waliingia katika mifumo ya LastPass. Tarehe 22 Desemba mwaka huo kampuni ilikiri kwamba walikuwa wamenakili hifadhi rudufu za makasha ya wateja. Nywila zenyewe zilikuwa zimefungwa kwa neno kuu la kila mteja, lakini anwani za tovuti hazikuwa zimefungwa, kwa hiyo mwizi alijua kasha lipi lina mlango wa benki. Ugumu wa kufungua ulitegemea neno kuu lenyewe na idadi ya mizunguko ya hesabu ambayo kila jaribio la kubahatisha lililazimika kupitia. Kiwango cha kawaida wakati huo kilikuwa mizunguko 100,100, lakini baadhi ya akaunti za zamani zilikuwa zimeachwa kwenye 5,000 au chini ya hapo. Akaunti ya mwaka 2017 inastahili kushukiwa.

Nakala hizo ziko mikononi mwa wezi. Kufuta akaunti leo hakuzigusi. Wala kubadilisha neno kuu hakuzigusi, kwa sababu nakala ya 2022 inafunguka kwa neno kuu la 2022. Dawa ni kuhakikisha kwamba yaliyomo ndani hayafungui tena mlango wowote. Mama mhasibu abadilishe kwanza nywila ya barua pepe, maana kupitia hiyo nyingine zote huombwa upya. Kisha za fedha, za kazi na za mitandao ya kijamii. Kati ya vitu 200, vya kubadilishwa kwa dharura huenda visizidi ishirini. Vilivyobaki, kama akaunti ya tovuti ya mapishi, vinaweza kusubiri, mradi nywila yake haitumiki mahali pengine.

Abadilishe baada ya kuhamisha, si kabla. Akibadilisha baada ya faili ya CSV kutengenezwa, faili hiyo, kasha la LastPass na nakala iliyoibiwa vyote vinapitwa na wakati kwa pamoja. Atoe nafasi ya usumbufu wa hapa kwetu pia: akaunti nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwa SMS, na si haba walioandikisha laini ya Rwanda kwa sababu huvuka Ruzizi kwenda Kamembe mara kwa mara. Laini hiyo iwe hai na iwe mkononi kabla ya kuanza.

Faili ya CSV yenyewe ifutwe siku ileile ya kuhamisha. Kwenye Windows, `Shift` na `Delete` kwa pamoja huifuta bila kuipitisha kwenye pipa la taka. Kwenye simu, programu ya Files ya Google huweka vilivyofutwa kwenye pipa kwa siku 30, na Google Drive hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo pipa nalo limwagwe. Watu hujitumia faili kwa WhatsApp ili waipeleke kutoka simu hadi kompyuta. Wakifanya hivyo wamezalisha nakala kwenye vifaa vyote viwili, na pengine kwenye hifadhi rudufu ya mazungumzo. Kazi yote hii isifanyike kwenye kompyuta ya chumba cha intaneti, hata kama mwenye chumba ni jirani. Faili iliyofutwa kwenye diski au fleshi inaweza kufufuliwa na mwenye programu ya kufufulia, na hii ni sababu nyingine ya kubadilisha zile ishirini.

Ndipo zamu ya kufuta kasha la LastPass inapofika. Akifuta kitu kimoja kimoja, vinakwenda kwenye orodha ya vilivyofutwa na kukaa humo siku 30, vikiweza kurudishwa. Njia ya mkato ni ukurasa wa `lastpass.com/delete_account.php`, wenye vitufe viwili ambavyo watu huvichanganya. `Reset` huondoa yaliyomo kashani na kuacha akaunti. `Delete` huondoa vyote, kasha na akaunti. Kwa anayehama moja kwa moja, ni `Delete`. Aliyesahau neno kuu anaweza kufuta pia, kwa kuthibitisha kupitia barua pepe. Lakini fikiria: nywila ya barua pepe ilikuwa ndani ya kasha lilelile. Kabla ya kugusa kitufe chochote, nywila ya barua pepe na neno kuu la Bitwarden ziandikwe kwenye karatasi na kuwekwa nyumbani pamoja na hati za kiwanja. Bitwarden haina namna ya kukurudishia neno kuu ulilolisahau.

Kama alikuwa analipa, asitishe malipo kwanza. Aliyejiunga kupitia Google Play ana mkataba na Google: kuondoa programu hakuukatishi, na pesa zinaweza kuendelea kukatwa kwenye kadi ya ndugu wa Nairobi kwa ajili ya kasha ambalo halipo tena. Ukatishwe ndani ya Google Play, kwenye orodha ya usajili.

Uthibitisho wa kwamba kasha limefutwa ni rahisi: ajaribu kuingia kwa anwani na neno kuu la zamani, akikataliwa, akaunti haipo. Kisha akumbuke simu ya zamani iliyo kabatini. Vitunza nywila huacha nakala iliyofungwa ndani ya kifaa ili isomeke pasipo intaneti, na simu isiyoingia mtandaoni haiwezi kujua kwamba akaunti imekufa. Iwashwe, programu iondolewe humo, ndipo apewe mtoto wa dada.

Nimeifuata LastPass kwa urefu kwa sababu historia yake inalazimisha. Kwa wengine ugumu wa kutoka uko mahali tofauti. 1Password ina jambo moja zuri kwa mtu wa malipo ya kubahatisha: usajili ukikatika, akaunti inaganda, lakini bado unaweza kusoma vitu vyako na kuvitoa. Hivyo kadi ikikataliwa hupotezi nywila, unapoteza uwezo wa kuongeza mpya. Bado nisingemshauri mtu wa hapa aanze nayo, labda mwajiri wake ndiye anayelipa.

Proton Pass inaruhusu kutoa faili iliyofungwa kwa neno la siri, jambo zuri kwa nakala ya akiba. Mtego wake ni kwamba akaunti ni ileile ya Proton Mail. Anayefuta akaunti ya Proton ili aondoke Proton Pass, anazika na barua pepe yake pia. Huyo afute yaliyomo makashani ndani ya programu, na akaunti aiache.

Hivyohivyo kwa Google, ambako pengine ndiko nywila nyingi za Bukavu zilipo, hata za watu wasiojua kwamba wana kitunza nywila. Kila mara Chrome inapouliza “nihifadhi?” na mtu akabonyeza ndiyo, kinajaa. Kutoa ni rahisi: mipangilio ya kitunza nywila, kisha kutoa faili, inayokuja na vichwa vya `name,url,username,password,note`. Kufuta kunahitaji tahadhari, maana orodha inaoanishwa: ukifuta nywila kwenye simu, inatoweka pia kwenye kompyuta yenye akaunti hiyo. Mama mhasibu, hata baada ya kuhama LastPass, aangalie hapa pia. Mara nyingi nusu ya kasha lake la zamani imenakiliwa humu bila yeye kukusudia. Baada ya kufuta, azime ombi la Chrome la kuhifadhi nywila, la sivyo baada ya miezi michache atakuwa na makasha mawili yanayopingana.

KeePass imekaa kando ya yote haya. Hakuna akaunti, hakuna seva, hakuna kadi. Kasha ni faili moja yenye kiishio cha `.kdbx`, iliyo kwenye simu au fleshi yako. Walioishi hapa wakati intaneti ilipokatwa nchini baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, ikarudi 19 Januari 2019, wanaelewa faida ya kasha lisilohitaji mtandao. Bitwarden husomeka nje ya mtandao pia, ilimradi programu imefungwa tu na hujatoka kabisa kwenye akaunti, lakini huwezi kuongeza nywila mpya hadi mtandao urudi. Kwa KeePass, mtandao hauhusiki. Malipo yake ni kwamba nakala za akiba ni juu yako: simu ikiibwa sokoni na faili ilikuwa humo peke yake, hakuna wa kumpigia.

Kuihama KeePass kunaonekana kuwa rahisi kuliko zote, unafuta faili. Ila ni lazima ukumbuke ulizinakili wapi: kompyuta ya ofisi, fleshi ya mume, Google Drive, barua pepe uliyojitumia. Kubadilisha neno kuu hubadilisha faili uliyo nayo mkononi tu. Nakala ya mwaka jana iliyobaki kwenye fleshi ya mtu bado inafunguka kwa neno la mwaka jana. Anayechagua KeePass aandike tangu siku ya kwanza, kwenye karatasi ileile ya neno kuu, kila mahali anapoweka nakala.